Kila Mfuko wa Damu na Mstari Wake

Mgonjwa anapotolewa hospitali baada ya kutiwa damu, mara nyingi barua anayopewa huwa na sentensi moja tu juu ya jambo hilo: alitiwa damu painti tatu, hali yake ikatengenea. Sentensi hiyo yaweza kuwa kweli, na bado isimfae daktari atakayempokea mgonjwa huyo mwezi ujao au katika uzazi wake ujao. Daktari huyo atataka kujua damu hizo zilikuwa mifuko ipi, kila mfuko ulianza saa ngapi na kwisha saa ngapi, mwili wa mgonjwa ulikuwaje kabla na wakati damu inaingia, na kama kulitokea mtetemeko, homa, upele, pumzi kubana au mkojo mweusi. Majibu yote hayo yamo ndani ya faili, lakini yametawanyika katika kurasa nyingi zilizoandikwa na mikono mbalimbali. Kazi ya muhtasari wa damu ni kuyakusanya katika karatasi moja, nayo ni kazi yenye kanuni zake.

Kwa sisi tukaao bara ya Mombasa, kazi hii ina uzito wa pekee. Mgonjwa wa Likoni huanza kutibiwa upande wake, kisha akavushwa kwa feri kupelekwa kisiwani. Wa Kisauni hupita daraja la Nyali, na wa Changamwe hupita Makupa. Mgonjwa huvuka na barua yake ya rufaa, lakini faili hubaki ng'ambo. Ikiwa mfuko wa kwanza wa damu alitiwa huko alikotoka, habari zake zi katika jengo moja, na habari za mifuko mingine zi katika jengo jingine.

Natuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama huyu si mtu maalumu, bali mambo yaliyomfika ni yale yanayoweza kumfika mama yeyote. Ana umri wa miaka 29, mkaazi wa Mtongwe, na huu ni uzazi wake wa nne. Siku ya Alhamisi, tarehe 12, alijifungua salama kisha akatokwa na damu nyingi. Kiwango cha damu yake kikashuka hadi 4.8, ambapo mwanamke mzima hutarajiwa kuwa na 12 au zaidi. Hospitali ya kwanza ilimtia mfuko mmoja, kisha ikampeleka kisiwani, na huko akafunguliwa mifuko mingine miwili. Siku ya Jumatatu aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Muuguzi anayetaka kuandika muhtasari wa mama huyu asianze na maelezo ya daktari, wala asianze na kumbukumbu za jamaa. Aanze na fomu ya maabara, kwa sababu hapo ndipo penye nambari za mifuko. Tangu Kenya ilipounda huduma ya kitaifa ya damu, baada ya shambulio la Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, damu inayochangwa huku Pwani hupitia kituo cha kanda cha Mombasa. Huko hupimwa maradhi kama ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na kila mfuko hubandikwa nambari yake. Nambari hiyo ni kama uzi. Ukiushika upande wa mgonjwa, utakurudisha hadi kwa aliyejitolea damu hiyo. Kwa hivyo mstari wa kwanza wa karatasi yetu si jina la daktari bali ni nambari ya mfuko, kundi la damu lililoandikwa juu yake, na aina ya damu yenyewe, yaani kama ni damu nzima au ni seli nyekundu zilizotengwa.

Pamoja na nambari ya mfuko huandikwa nambari ya hospitali ya mgonjwa na majina yake matatu. Hili si jambo la kupuuza. Katika wodi moja ya wazazi ya huku kwetu yaweza kupatikana kina Fatuma Ali wawili, na wote wawili jamaa zao wakawaita Mama Salim. Jina la nyumbani halitoshi kuitofautisha damu ya huyu na ya yule.

Baada ya nambari, huja saa. Hapa ndipo muhtasari mwingi huharibikia, maana kila mfuko una saa tatu na si moja. Iko saa uliyotoka katika friji ya maabara, iko saa ulipoanza kuingia mwilini, na iko saa ulipokwisha au ulipokatizwa. Mwenye haraka hunakili saa ya maabara, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa vizuri, akaiita saa ya kuanza. Lakini baina ya saa hizo mbili kuna safari ya kutoka maabara hadi kitandani, na safari hiyo ina kipimo chake. Damu ikishatoka penye baridi hutakiwa ianzwe ndani ya dakika 30, na mfuko wote uwe umekwisha kuingia katika muda usiozidi saa 4, kwa kuwa kadiri inavyokaa katika joto letu hili la Pwani ndivyo vijidudu, kama vimo, vinavyopata nafasi ya kuzaana. Anayesoma saa zote tatu kwa pamoja ataona mara moja kama mfuko ulikawia. Anayesoma moja tu hawezi kuona kitu.

Iko pia hitilafu ya kuhesabu saa, ambayo ni yetu sisi hasa. Hospitali huandika 23:40, nasi tunasema saa tano na dakika arubaini za usiku. Hospitali hubadilisha tarehe saa sita ya usiku, ilhali wazee wetu huanza siku mpya jua linapotua, hata usiku unaofuata mchana wa Alhamisi wakauita usiku wa Ijumaa. Mama yake mgonjwa wetu alipoulizwa na muuguzi lini bintiye alitetemeka, alijibu, "Ilikuwa usiku wa Ijumaa, mwanangu, mimi nilikuwa nimekaa kando yake." Alisema kweli kwa hesabu yake. Lakini mwandishi asiyeijua hesabu hiyo angeandika Ijumaa usiku, tarehe 13, wakati ambapo mifuko yote mitatu ilikuwa imekwisha zamani, na tukio likaonekana halihusiani na damu hata kidogo. Ndiyo maana karatasi hii huandikwa kwa saa na tarehe za hospitali peke yake, na maneno ya jamaa hugeuzwa kwa hesabu hiyo kabla ya kuandikwa, baada ya kuwauliza vizuri: kabla ya alfajiri ipi?

Sasa tuje kwenye vipimo vya mwili. Vipimo vinne ndivyo hutazamwa: joto, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, na idadi ya pumzi kwa dakika. Hupimwa kabla ya damu kuanza, kisha dakika 15 baada ya kuanza, kisha angalau kila saa, kisha inapokwisha, na mara nyingine saa 4 baadaye. Muhtasari hauna haja ya kubeba vipimo vyote hivyo. Watosha kubeba vya kabla, vya dakika 15, na vya mwisho, pamoja na kipimo chochote kilichobadilika ghafla.

Kila kimoja kati ya hivyo kina sababu yake. Kipimo cha kabla ndicho mizani. Joto la 38.4 halina maana moja kwa mama aliyeanza na 36.8 na kwa mama aliyeanza na 38.2 kwa sababu ya maradhi mengine. Homa huhesabiwa kuwa huenda imeletwa na damu pale joto linapopanda kwa nyuzi 1 au zaidi na kufika 38 au kupita. Bila ya kipimo cha kabla, hesabu hiyo haifanyiki. Kipimo cha dakika 15 nacho kipo kwa sababu ya hatari iliyo kubwa kuliko zote, yaani damu ya kundi lisilopatana na la mgonjwa. Hiyo hujitambulisha mapema, wakati mwingine kabla mgonjwa hajapata zaidi ya mililita 5 au 10, kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai. Mgonjwa huanza kuhangaika, akaumwa mgongo au kiuno, shinikizo likashuka, mkojo ukawa mwekundu au mweusi. Dakika hizo zikipita kwa utulivu na vipimo vikaandikwa, karatasi inatoa ushahidi. Zikipita bila kuandikwa, karatasi haina ushahidi wowote.

Kwa mama yetu wa Mtongwe, faili mbili zilipofunguliwa pamoja, mambo yalikuwa hivi.

Mfuko wa kwanza, nambari iishiayo 417, seli nyekundu kundi O chanya, hospitali ya kwanza. Ulitoka maabara tarehe 12 saa 15:05, ukaanza 15:20, ukesha 17:50. Joto kabla ya kuanza 36.6, na mwisho 36.9. Vipimo vya dakika 15 havikuandikwa. Hakuna tatizo lililoandikwa.

Mfuko wa pili, nambari iishiayo 902, seli nyekundu kundi O chanya, hospitali ya pili. Ulitoka maabara tarehe 12 saa 23:25, ukaanza 23:40. Joto kabla 36.8, mapigo 108. Dakika 15 baadaye joto 37.0, mapigo 104. Tarehe 13 saa 00:40 joto 38.4, mapigo 126, mtetemeko mkubwa. Mfuko ulikatizwa 00:45, ukiwa umeingia kiasi cha mililita 150.

Mfuko wa tatu, nambari iishiayo 938, seli nyekundu kundi O chanya, hospitali ya pili. Ulitoka maabara tarehe 13 saa 03:50, ukaanza 04:05, ukesha 07:10. Joto kabla 37.1, dakika 15 baadaye 37.0, mwisho 37.2. Hakuna tatizo lililoandikwa.

Msomaji atazame tarehe za mfuko wa pili. Ulianza tarehe 12, na mtetemeko ukatokea tarehe 13. Katika faili, ukurasa wa tarehe 13 unaanza na maneno ya muuguzi wa usiku: mgonjwa anatetemeka, damu imesimamishwa. Chini yake, ukurasa uo huo una mfuko mmoja tu ulioanzishwa siku hiyo, nao ni wa tatu. Mwandishi anayekusanya habari kwa kufuata tarehe angeutwika mfuko wa tatu lawama isiyo yake, na mfuko wa pili ukatoka safi. Maabara ingechunguza damu isiyo na kosa, na ile iliyokatizwa ikasahauliwa. Kwa hiyo kanuni ni kufuata mfuko kwa nambari yake tangu ulipotoka maabara hadi ulipokwisha, hata kama umevuka usiku wa manane, ndipo mtu aende kwenye mfuko mwingine.

Atazame pia hesabu. Barua ya kuruhusiwa ilisema painti tatu. Kwa hakika mifuko mitatu ilifunguliwa, miwili ikakamilika, na mmoja uliingia nusu yake tu, maana mfuko wa seli nyekundu huwa na mililita 300 hivi au pungufu kidogo. Jambo hili huonekana mtu anapolinganisha karatasi ya damu na ile ya hesabu ya maji yaliyoingia na yaliyotoka. Nalo ndilo linaloeleza kwa nini kiwango cha damu ya mama huyu kilipanda hadi 7.2 tu, ilhali kila mfuko mzima hutarajiwa kukipandisha kwa takriban 1. Asiyejua kwamba mfuko mmoja ulikatizwa angeweza kudhani kuwa mama bado anavuja damu mahali fulani ndani.

Sehemu ya tatizo lenyewe haiandikwi kwa neno moja. "Alipata mzio" au "damu ilimkataa" ni maneno ya kuhitimisha, na karatasi hii si mahali pa kuhitimisha. Huandikwa ishara kama zilivyoonekana, saa yake, kiasi cha damu kilichokwisha kuingia, kilichofanywa, na matokeo. Kwa mama yetu iliandikwa hivi: mtetemeko na homa, hakuumwa kiuno, hakuwa na upele, pumzi hazikubana, mkojo wa rangi ya kawaida, damu ilisimamishwa, mpira wa dripu ulibadilishwa na mshipa ukawekwa wazi kwa maji ya chumvi, jina na nambari zilisomwa upya kitandani zikapatana, daktari aliitwa, mfuko na sampuli mpya ya damu vilipelekwa maabara, alipewa paracetamoli, saa 02:30 joto lilikuwa 37.3.

Maneno yale ya "hakuwa na" yana thamani sawa na yale ya "alikuwa na". Upele unaowasha huelekeza kwenye mzio. Pumzi kubana pamoja na shinikizo kupanda huonya kwamba damu imeingia nyingi au kwa kasi kuliko moyo unavyoweza kubeba. Kiuno kuuma na mkojo mweusi huonya kwamba seli nyekundu zinavunjwa. Homa na mtetemeko peke yake, baada ya saa nzima, kwa mama aliyekwisha kubeba mimba nne, mara nyingi hutokana na kingamwili alizozifanya mwili wake dhidi ya seli nyeupe za watu wengine. Lakini hilo huamuliwa na daktari baada ya maabara kujibu, si na mwandishi wa muhtasari.

Na palipokosekana habari, kama vipimo vya dakika 15 vya mfuko wa kwanza, huandikwa "havikuandikwa". Haiandikwi "vya kawaida", wala haijazwi kwa kukisia. Tofauti baina ya maneno hayo mawili ni kubwa. Moja linasema mtu alitazama akaona kheri, na jingine linasema hatujui kama kuna aliyetazama.

Karatasi hiyo haijamaliza kazi yake mgonjwa anapotoka mlangoni. Mfano wetu una sehemu ya pili. Jumamosi, tarehe 21, siku ya nane, mama yule akiwa nyumbani alishikwa na homa, macho yakawa manjano, na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Mjini kwetu, homa na macho ya manjano hufikiriwa malaria kwanza, na kipimo cha malaria kilipotoka safi, wazo la pili likawa ni maradhi ya ini. Hapo mama yake akatoa karatasi kutoka mkobani.

"Mama, kumbe mwanao alitiwa damu?" aliuliza daktari.

"Ndiyo, daktari. Mifuko mitatu, juma lililopita. Yote imeandikwa humo."

Daktari alisoma, kisha akaagiza kipimo kinachotazama kama seli nyekundu za mgonjwa zimefunikwa na kingamwili. Mwanamke aliyewahi kubeba mimba, au mtu aliyewahi kutiwa damu, huweza kuwa na kingamwili dhidi ya chembe ndogo za damu ambazo hazimo katika majina ya makundi A, B na O. Kingamwili hizo hufifia kwa miaka hata zisionekane katika kipimo cha kupatanisha damu. Damu mpya yenye chembe hizo inapoingia, mwili hukumbuka, ukazitengeneza upya, na kati ya siku 5 na 10 hivi huanza kuzivunja seli zilizotiwa. Kiwango cha damu hushuka tena, na rangi ya manjano hutoka kwenye seli zilizovunjika. Kipimo cha mama yule kilithibitisha hivyo. Alipimwa figo na kiwango cha damu kila siku, naye hakuhitaji damu nyingine.

Hapo nambari zile tatu zilifanya kazi yake. Maabara iliweza kuulizia kila mfuko, pamoja na ule wa kwanza uliotiwa ng'ambo ya kivuko, ambao faili ya kisiwani haikuwa nao. Kingamwili ilipotambuliwa, jina lake liliandikwa juu ya karatasi kwa wino mwekundu. Kuanzia siku hiyo, kila atakayempatanishia damu mama huyo atatafuta mfuko usio na chembe hiyo, hata kama kipimo cha siku hiyo hakitaonyesha chochote. Na akishika mimba tena, mkunga atapaswa kujua, kwa kuwa baadhi ya kingamwili hizi huweza kumpita mama zikamfikia mtoto tumboni.

Kwa sababu hiyo, karatasi ya damu huachiwa nafasi chini yake yenye kichwa "Baada ya kutoka hospitali", na mgonjwa huambiwa ishara tatu za kutazama kwa wiki mbili: homa, macho ya manjano, na mkojo mweusi. Karatasi hukunjwa ikawekwa ndani ya kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, mahali ambapo mkunga yeyote ataanza kutazama.

Hospitali nyingine humpa mgonjwa muhtasari huu bila kuombwa, na nyingine hazina desturi hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuzifikia habari zake zinazowekwa na wengine, na habari za matibabu zimo. Basi jamaa anayemchukua mgonjwa wake aliyetiwa damu aombe kwa adabu, kabla ya faili kurudishwa kabatini, aandikiwe kwa kila mfuko mambo haya: nambari, tarehe na saa ya kuanza, saa ya kwisha, joto la kabla na la mwisho, na lolote lililotokea. Ikiwa mfuko mmoja alitiwa katika hospitali nyingine, aombe na huko pia, hata kama itambidi kupanda feri kurudi.

Faili asilia ndiyo hoja ya mwisho, na karatasi hii haichukui mahali pake. Panapotokea hitilafu baina ya mbili hizi, faili hufuatwa, na karatasi husahihishwa kwa kupigwa mstari neno la kosa bila kulifuta, ili anayesoma aone kilichokuwapo na kilichobadilishwa.